Kuthibitisha malipo kwenye seva: maana yake

Mteja yuko Umoja, anataka viatu vya shilingi 1,500 kwenye programu ya duka lako la Gikomba. Anabonyeza Lipa, simu inamletea kidirisha cha M-Pesa, anaweka PIN. Sasa nani aseme kwamba amelipa? Si simu yake. Simu ni mali yake, na programu iliyomo anaweza kuifungua na kuichezea apendavyo. Kuthibitisha malipo kwenye seva ni kusubiri neno la mwisho litoke kwenye kompyuta unayoimiliki wewe.

Daraja, mfumo ambao programu hupitia kuzungumza na M-Pesa, hukupa Consumer Key, Consumer Secret na Passkey. Wapo wanaoziandika ndani ya programu ya Android yenyewe. Faili la APK, ndilo la programu yenyewe, hufunguliwa kwa zana iitwayo jadx na maandishi yote yakasomeka, na kuyageuza kuwa base64, mwandiko ambao yeyote huweza kuurudisha ulivyokuwa, ni kama kufunga mlango kwa uzi. Siri hizo zikae kwenye seva. Simu itume namba ya oda na namba ya kulipia, basi. Hata bei isiitume, maana mjanja ataibadilisha 1,500 iwe 1. Seva iisome bei kwenye hifadhidata yake.

Seva ikishaomba STK Push, yaani kile kidirisha cha M-Pesa kitokee kwenye simu ya mteja, hujibiwa papo hapo:

```json
{"CheckoutRequestID": "ws_CO_...", "ResponseCode": "0"}
```

Hapo ndipo nilipoteleza. Sifuri hiyo inasema ombi limepokelewa tu, na huenda mteja hata kidirisha hajakiona. Mimi nilikuwa naandika "imelipwa" papo hapo. Jioni oda zikawa nyingi kuliko pesa zilizoingia kwenye till. Matokeo yenyewe huja baadaye kwenye anwani ya seva uliyoitaja katika ombi, yakiwa na `ResultCode`: 0 ni amelipa, 1032 ni ameghairi.

Lakini anwani hiyo akiijua mtu mwingine, naye anaweza kuitumia ujumbe wa uongo wenye sifuri. Kwa hiyo ujumbe ukifika, seva itafute `CheckoutRequestID` hiyo kati ya zile ilizozihifadhi, ilinganishe `Amount` na bei ya oda, kisha iiulize Daraja yenyewe kupitia `/mpesa/stkpushquery/v1/query`. Jibu la huko ndilo la kuamini. `MpesaReceiptNumber` iwekwe kwenye safu isiyokubali namba kurudiwa, ili ujumbe ukija mara mbili viatu visitoke jozi mbili.

Kuna na siku ujumbe hauji kabisa, labda seva yako ilikuwa imezimika dakika hiyo. Swali lilelile kwa Daraja ndilo linalokuokoa: oda ikikaa dakika moja au mbili bila matokeo, seva iulize yenyewe. Muda wote huo simu ya mteja inaonyesha "Tunasubiri malipo" na kuiuliza seva yako kila baada ya sekunde chache.