Sukari ya asubuhi sawa, kongosho je?

"Sukari yangu kabla ya kula iko poa, kwa hiyo kongosho haina shida, si ndio?"

Hapana, sio lazima. Seli beta, zile za kongosho zinazotengeneza insulini ya kushusha sukari, zina vifuko vya insulini vimeshakaa tayari kwenye utando wa seli, sukari ikipanda tu vinamwagwa ndani ya dakika chache, hiyo ndo awamu ya kwanza, na ndo inaliambia ini liache kutoa sukari yake. Awamu ya pili inakuja polepole, inaendelea mpaka sukari ishuke. Kwenye kisukari cha taipu tuu, inayopotea mapema ni ile ya kwanza, yani insulini bado ipo, ila imechelewa. Ndo maana mtu anapima 5.4 mmol/L asubuhi, akinywa glukosi gramu 75, baada ya masaa mawili anasoma 9.6, wakati kawaida ni chini ya 7.8.