Namba za Ankara Zinaporuka: Jinsi ya Kumweleza Mkaguzi wa Kodi Pengo Lililoachwa na Mfumo

Mkaguzi wa kodi alikuwa na karatasi moja tu mezani. Juu yake aliandika namba ya ankara ya kwanza ya Machi, 90041201, na ya mwisho, 90042080. Alitoa moja kwa nyingine, akaongeza moja, akapata 880. Halafu akageuza orodha aliyopewa na kampuni, yenye ankara 824.

"Ndugu mhasibu, hizi 56 zimekwenda wapi?"

Mhasibu akajibu kwamba ni mfumo tu, mfumo huwa unaruka namba. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, lakini halikumsaidia. Anachokiogopa mkaguzi ni ankara iliyochapwa, mteja akalipa, mzigo ukatoka, kisha ankara ikafutwa ili mauzo yasionekane kwenye ritani ya VAT. Kusema "ni mfumo" hakuondoi hofu hiyo kwa namba hata moja. Kampuni hiyo ya jumla ya Dar es Salaam ilituita kwenye kitengo chetu cha ukaguzi wa mifumo siku iliyofuata. Naieleza kazi tuliyoifanya kwa sababu kampuni nyingi zinazotumia SAP, mfumo wa kompyuta wa mauzo na uhasibu, zina mapengo ya aina hii na hazijawahi kuyahesabu.

Kwanza, namba inatoka wapi? Ndani ya SAP kila aina ya hati imefungwa kwenye safu ya namba, yaani namba ya kuanzia, namba ya mwisho, na mahali ilipofikia sasa. Hati za mauzo ziko chini ya kitu kinachoitwa `RV_BELEG`, na hali ya kila safu imehifadhiwa kwenye jedwali la `NRIV`. Kama kila karani angekwenda kwenye jedwali hilo kuchukua namba moja moja, angemfungia mwenzake mlango mpaka amalize kuhifadhi ankara yake. Kwa hiyo mfumo huchukua namba kwa mafungu na kuyaweka kwenye kumbukumbu ya seva, eneo tunaloliita bafa. Kwa kampuni hii fungu lilikuwa la namba 10, na seva zilikuwa mbili.

Fikiria mkuu wa stoo anayewagawia makarani wawili kurasa kumi kumi kutoka kitabu kimoja cha risiti. Mmoja anaandika kuanzia ukurasa wa 81, mwingine kuanzia wa 91. Wa pili akipata wateja wengi asubuhi, ukurasa wa 94 utakuwa na saa ya mapema kuliko wa 83. Na jioni, kurasa ambazo hazijatumika zikiungua, hakuna mteja aliyeuziwa kwa kurasa hizo, lakini kitabu kitakuwa na pengo. Seva ikizimwa au ikianguka, namba zilizobaki kwenye bafa yake hupotea vivyo hivyo, na mfumo ukiwaka unachukua fungu jipya. Hakuna anayezirudisha.

Tulianza kwa kuhesabu upya, maana hesabu ya 56 yenyewe ilikuwa na kasoro. Orodha ya kampuni ilitolewa kwa aina moja ya hati, `F2`, ambayo ndiyo ankara ya kawaida. Lakini hati ya kufuta ankara, `S1`, na hati ya marejesho, `G2`, zilikuwa zinachota namba kwenye safu ileile. Katika SAP ankara iliyofutwa haitoweki. Inabaki na namba yake, na hati inayoifuta inapata namba yake nyingine. Tulipofungua jedwali la `VBRK` kwa namba zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuchuja aina ya hati, namba 27 zilijitokeza papo hapo.

Zikabaki 29. Nne kati yake zilikuwa za kampuni dada iliyo kwenye mfumo huohuo. Safu ya `RV_BELEG` haigawanywi kwa kampuni, kwa hiyo kampuni mbili zikitumia aina moja ya ankara zinachanganya namba kwenye kitabu kimoja. Mhasibu wetu hakuwa na ruhusa ya kuona hati za upande wa pili, na ndiyo maana kwake zilionekana zimepotea. Hapo tukabaki na namba 25 ambazo kweli hazimo popote kwenye mfumo.

Kuzitafuta hakuhitaji programu ya pekee. Panga namba zote kwenye safu A ya Excel kuanzia ndogo, uweke hii kwenye safu ya pembeni, na uivute hadi chini:

```
=A3-A2
```

Kila panapotokea zaidi ya 1 kuna pengo. Usiishie kujua kuna mapengo mangapi. Tazama umbo la kila pengo, kwa kuwa umbo ndilo linalokuambia chanzo.

Pengo la kwanza lilianzia 90041284 hadi 90041290, namba 7. La pili lilianzia 90041297 hadi 90041300, namba 4. La tatu, 90041752 hadi 90041760, namba 9. Angalia yanapoishia: yote yanaishia kwenye sifuri, yaani mwisho wa fungu la kumi. Hiyo ndiyo alama ya bafa iliyopotea. Fungu limeanza kutumika, likakatika, na kilichopotea ni mkia wake wote bila kubakiza. Ankara ya mwisho kabla ya pengo la kwanza, 90041283, na ya mwisho kabla ya la pili, 90041296, zilihifadhiwa jioni moja na seva mbili tofauti. Kumbukumbu ya mfumo, `SM21`, ilionyesha seva zote mbili zilizimwa usiku huo kwa matengenezo. Pengo la tatu liliangukia siku seva ya pili ilipozimika ghafla. Hizo ni namba 20.

Tano zilizobaki zilikuwa moja moja, zimetawanyika katikati ya mafungu. Kwa hizo usikubali maelezo ya bafa, kwa sababu bafa haipotezi namba ya katikati na kuacha inayofuata itumike. Namba ya namna hii mara nyingi imekwisha kutolewa, karani amebonyeza kuhifadhi, lakini uandishi wa hati kwenye hifadhidata umekatika njiani. Ushahidi wake uko kwenye orodha ya uandishi uliokatika, `SM13`, wenye jina la mtumiaji, saa na kosa lenyewe. Tuichukue 90041618. Karani alihifadhi ankara, akapata ujumbe kwamba uandishi umekatika, na baada ya dakika 12 akatoa ankara nyingine, 90041623, kwa hati ileile ya kutoa mzigo, mteja yuleyule na kiasi kilekile. Tulizifuatilia zote tano kwa njia hiyo, na kila moja ilikuwa na mrithi wake.

Hadi hapa tulikuwa na maelezo mazuri, ila yote yalitoka ndani ya mfumo wa mlipakodi mwenyewe. Mkaguzi ana haki ya kutaka ushahidi ambao mhasibu hawezi kuugusa. Kwa Tanzania ushahidi huo upo, maana risiti inayotambuliwa na TRA si ile namba ya SAP, ni risiti ya kifedha inayotoka kwenye mashine ya EFD au kwa njia ya VFD, yaani mashine hiyo kwa umbo la programu, iliyounganishwa na mfumo. VFD ina kihesabu chake, `GC`, kinachopanda kwa kila risiti na hakirudi nyuma. Machi ilianza na `GC` 15310 na kuishia 16133. Hizo ni risiti 824 bila kuruka hata moja, sawasawa na ankara 824 za `F2`. Namba 25 zilizopotea hazikuwahi kufika huko.

Bado kuna swali moja, na ndilo zito kuliko yote: je, mzigo ulitoka bila risiti? Mtu anayeficha mauzo hatazipeleka ankara zake VFD, kwa hiyo kulingana kwa 824 na 824 peke yake hakumalizi jambo. Tulichukua hati zote za kutoa mzigo za mwezi huo na kuangalia kama kila moja ina ankara. `VF04` huorodhesha mzigo uliotoka ambao haujatozwa, na kwa Machi haikuwa na kitu. Kisha tukalinganisha mwendo wa stoo na hesabu ya bidhaa iliyofanyika mwisho wa mwezi. Kwa maoni yangu hatua hii ndiyo wahasibu wengi huiruka, nayo ndiyo inayomtuliza mkaguzi.

Sasa kuna jambo la muda ambalo nataka lisikike vizuri. Rekodi za uandishi uliokatika hazikai milele. Kigezo cha `rdisp/vbdelete` huzifuta baada ya siku 50 endapo hakuna aliyekibadilisha, na `SM21` huandikwa juu ya maandishi ya zamani faili linapojaa. Sheria inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa miaka 5. Mkaguzi akija mwezi wa kumi kuuliza habari za Machi, pengo utakuwa nalo na ushahidi hutakuwa nao. Kampuni hii iliponea kwa sababu ukaguzi ulikuja Aprili. Kwa hiyo orodhesha mapengo kila mwezi unapofunga hesabu, piga picha ya `SM13` na `SM21`, weka sahihi na tarehe. Kwa hati za uhasibu, ripoti ya `RFBNUM00N` hukutolea mapengo yenyewe.

Je, bafa izimwe? Inawezekana, kupitia `SNRO`, skrini ya kusimamia safu za namba, na kwa kampuni inayotumia namba 880 kwa mwezi ningeizima bila kusita, kwa kuwa foleni ya makarani haitaonekana. Kwa anayetoa maelfu kwa saa, foleni hiyo itauma. Lakini kuizima kunaondoa mapengo ya bafa peke yake. Uandishi ukikatika baada ya namba kutolewa, pengo litatokea vilevile. Na si SAP peke yake: kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, namba iliyotolewa na `nextval` hairudi hata muamala ukighairiwa, na ndiyo sababu mfumo wa Odoo, unaotumia hifadhidata hiyo, una mfuatano wa `Standard` na mwingine wa `No gap`.

Jambo ambalo halifai kabisa ni kuziba pengo kwa kutengeneza ankara ya shilingi sifuri au kurudisha nyuma namba kwenye safu. Hati ya Aprili yenye namba ya Machi ni tatizo jipya, na hili umelitengeneza wewe mwenyewe.

Barua tuliyoiandaa ilikuwa ya kurasa mbili. Ilianza na 880 na kuishia na 880: 824 za ankara, 27 za kufuta na marejesho, 4 za kampuni dada, 20 za bafa, 5 za uandishi uliokatika, kila kundi na kiambatisho chake. Mkaguzi aliisoma, akachagua namba tatu kati ya zile 25, akaomba tuzifungue mbele yake. Ya kwanza aliyoitaja ilikuwa 90041618. Tukamwonyesha `SM13`, hati ya mzigo, ankara iliyoifuata na `GC` yake. Akaandika alama ya vema pembeni na kutaja ya pili.