Z mbili za kijiwe kimoja: fizikia ya altrasaundi na eksirei kwa wanaojiandaa na mitihani ya udaktari

Swali lifuatalo, au ndugu yake, huwakuta wengi waliotoka kidato cha sita na PCB yao safi, na huwakuta tena mwaka wa kwanza. Mama wa miaka 45, mkazi wa Moshi, ana maumivu chini ya mbavu za kulia yanayomkaba kila anapokula vyakula vya mafuta. Picha ya eksirei ya tumbo haikuonyesha kitu. Altrasaundi ikaonyesha, ndani ya kifuko cha nyongo, upinde mweupe unaong'aa na nyuma yake mstari mweusi unaoshuka hadi chini ya skrini. Eleza kwa fizikia kwa nini kifaa kimoja kimekiona kijiwe na kingine hakikukiona.

Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba altrasaundi ni bora kuliko eksirei. Halipati alama, na si kweli. Vifaa hivi viwili vinauliza maswali tofauti, na kinachochanganya zaidi ni kwamba majibu yote mawili huandikwa kwa herufi ileile, Z. Kwenye altrasaundi, Z ni ukinzani wa sauti. Kwenye eksirei, Z ni namba ya atomiki. Hazina undugu wowote, na ni vizuri uziandike kila moja kwenye karatasi yake.

Tuanze na sauti. Ukinzani wa sauti wa kitu ni msongamano wake ukizidishwa kwa mwendo wa sauti ndani yake, Z = ρc. Sauti haigeuki nyuma kwa sababu imekutana na kitu kigumu. Inageuka kwa sababu Z imebadilika kutoka upande mmoja wa mpaka kwenda mwingine. Ikiingia kwenye mpaka kwa kunyooka, sehemu ya nguvu yake inayorudi ni

R = ((Z2 − Z1) / (Z2 + Z1))²

Weka namba uone. Kwa kipimo cha mega-raili, ini lina takriban 1.65, figo 1.62, misuli 1.70, mfupa 7.8, na hewa 0.0004. Kati ya ini na figo tofauti ni 0.03 na jumla ni 3.27, kwa hiyo kinachorudi hakifiki hata sehemu moja katika elfu kumi. Kidogo hicho kinatosha kuchora mpaka, na kilichobaki kinaendelea mbele kutafuta mengine. Kati ya misuli na mfupa inarudi asilimia 41. Kati ya misuli na hewa inarudi asilimia 99.9. Soma namba hiyo ya mwisho mara mbili, kwa maana inajibu maswali matatu kwa mpigo: kwa nini mapafu yenye hewa hayachunguziki kwa ndani, kwa nini gesi ya utumbo humkera mpimaji, na kwa nini tunapaka jeli. Jeli haipo ili probu iteleze tu. Inafukuza utando mwembamba wa hewa kati ya probu na ngozi, ambao usipoondolewa hakuna sauti ya maana itakayoingia mwilini.

Sasa rudi kwa yule mama. Probu imewekwa chini ya mbavu, na mwangwi wa kijiwe umerudi baada ya mikrosekunde 78. Mashine haina rula. Ina saa, na inachukulia kwamba sauti ndani ya mwili hukimbia mita 1540 kwa sekunde. Zidisha 1540 kwa 0.000078 upate mita 0.12, yaani sentimita 12. Wanaoishia hapo wamekosa, kwa sababu sauti ilikwenda na kurudi. Gawa kwa mbili: kijiwe kiko sentimita 6 kutoka kwenye probu. Watunga maswali huiweka ile 12 makusudi kati ya majibu ya kuchagua.

Safari hiyo ina gharama. Kwa kukadiria, sauti hupoteza nusu desibeli kwa kila sentimita, kwa kila megahezi. Probu ya tumbo ya megahezi 3.5, kwa safari nzima ya sentimita 12, inapoteza 0.5 × 3.5 × 12, yaani desibeli 21. Mwangwi unarudi ukiwa umepungua kama mara 126. Ukichukua probu ya megahezi 10, ile tunayopimia shingo na matiti, hasara inakuwa desibeli 60, ambazo ni mara milioni moja. Skrini inakuwa giza kabla hujafika kwenye ini lote. Lakini probu hiyo ya megahezi 10 ina wimbi lenye urefu wa milimita 0.15 tu, wakati ya 3.5 lina milimita 0.44, kwa hiyo pale inapofika inachora vitu vidogo kwa undani zaidi. Huo ndio mvutano wa kina na undani. Ukiulizwa probu ipi, tazama kwanza kiungo kiko umbali gani kutoka kwenye ngozi.

Ili kufidia hasara hiyo, mashine hukuza mwangwi kadiri unavyochelewa kurudi. Vile vitelezi vilivyopangwa wima kwenye paneli, vilivyoandikwa TGC, kazi yake ni hiyo. Na hapa ndipo lile giza nyuma ya kijiwe linapoeleweka. Kijiwe kimerudisha sehemu kubwa ya sauti na kumeza nyingi ya iliyobaki, hivyo nyuma yake hakuna cha kukuzwa. Hata ukisukuma vitelezi hadi mwisho, sifuri hubaki sifuri. Kando ya kijiwe, sauti iliyopita kwenye nyongo tupu haikupungua kama mashine ilivyotarajia, kwa sababu majimaji hayapotezi sauti sana. Mashine inaikuza tu kama iliyopita kwenye nyama, na ini lililo nyuma ya nyongo linaonekana jeupe kuliko majirani zake. Kwa hiyo kwenye picha moja, nyuma ya kijiwe kuna giza na nyuma ya nyongo kuna mng'ao, na sababu ya yote mawili ni hesabu ileile ya hasara. Mwanafunzi anayeandika kwamba ini hapo limekuwa zito ameamini picha bila kuiuliza imetengenezwaje.

Upande wa eksirei mambo ni mengine kabisa. Hapa hakuna mwangwi. Fotoni zinarushwa kutoka upande mmoja na picha inachorwa na zile zilizofanikiwa kutokea upande wa pili. Ukiweka mashine kwenye kilovolti 70, fotoni yenye nguvu kuliko zote itakuwa na kiloelektronivolti 70, na nyingi zitakuwa chini ya hapo. Weupe kwenye picha ni mahali fotoni zilipokwama. Zinakwama kwa njia mbili kuu. Katika ile ya Kompton, fotoni inagonga elektroni na kupinda njia. Hiyo haijali sana namba ya atomiki, na mchango wake mkubwa kwenye picha ni ukungu. Katika ile ya fotoelektriki, fotoni inamezwa yote na atomu, na uwezekano wake kwa kila gramu huenda takriban kama Z³ / E³, ambapo Z ni namba ya atomiki na E ni nguvu ya fotoni.

Kumbuka ni mchemraba, si mraba. Nyama laini ina namba ya atomiki ya wastani karibu 7.4, na mfupa karibu 13.8, kwa sababu ya kalsiamu na fosforasi. Mgawanyo wa hizo mbili ni 1.86 tu, lakini ukiupandisha kwa kipeo cha tatu unapata kama 6.5. Ndiyo maana mfupa unang'aa, na msongamano wake mkubwa unaongezea hapo.

Kijiwe cha nyongo cha kolesteroli kimejengwa na nini? Kaboni yenye namba 6, haidrojeni 1, na oksijeni 8. Ni atomi zilezile zinazoijenga nyama na nyongo iliyokizunguka. Fotoni haina namna ya kukitofautisha na jirani zake, inapita tu. Kijiwe kikiwa na kalsiamu, yenye namba 20, hadithi inageuka, ila vijiwe vya nyongo vyenye kalsiamu ya kutosha kuonekana kwenye eksirei ya kawaida ni kama asilimia 10 hadi 20. Kwa sauti, kijiwe hichohicho ni kigumu, kizito, na sauti hukimbia ndani yake kwa mwendo usio wa nyongo. Z yake ya sauti iko mbali na ya nyongo hata kama Z ya atomi zake iko karibu. Hilo ndilo jibu la swali la mama wa Moshi.

Watahini hupenda kuongeza kipande: je, tukipandisha kilovolti tutakiona? Hapana, utaharibu zaidi. E iko chini ya mstari, nayo ni mchemraba. Ukiongeza nguvu ya fotoni mara mbili, mmezo wa fotoelektriki unashuka mara 8, na tofauti ndogo iliyokuwepo inafifia. Kwenye eksirei ya kifua tunafanya hivyo kwa makusudi, tukitumia kilovolti zinazokaribia 120, ili mbavu zisififishe mapafu.

Mpimaji naye anaweza kudanganyika. Mwanzo wa utumbo mwembamba umelala ubavuni mwa kifuko cha nyongo, na gesi yake hurudisha sauti kiasi cha kufanana na kijiwe. Ukichungulia, giza la nyuma ya gesi mara nyingi limechafuliwa na mistari ya kijivu, kwa kuwa sauti inadundadunda kati ya gesi na probu, wakati giza la kijiwe ni safi na lina kingo. Namna ya kuhakikisha ni kumgeuza mgonjwa alalie ubavu wa kushoto. Kijiwe kitabingirika kwenda chini. Kinyama kilichoota ukutani hakisogei wala hakina giza nyuma yake. Mgonjwa aje bila kula kwa saa 6 hadi 8, maana kifuko kilichokwisha kukamua nyongo yake kimenywea, na hamna majimaji ya kukionyesha kijiwe.

Na kijiwe kidogo chenye upana usiofikia upana wa mwale kinaweza kukosa giza kabisa, kwa kuwa sauti inakipita kandokando. Hapo fokasi ishushwe hadi kina chake, na frikwensi ipandishwe kadiri umbali unavyoruhusu.

Jijaribu kwa kinyume chake. Kijiwe cha asidi ya uriki ndani ya figo hakina kalsiamu: eksirei haitakiona, altrasaundi itaona upinde na giza lake. Kijiwe cha kalsiamu kilichoshuka katikati ya mrija wa mkojo, nyuma ya utumbo uliojaa gesi, eksirei inaweza kukionyesha, na probu ikaishia kwenye ile asilimia 99.9.