Notisi ya kodi yenye jina lako: pesa zilipitia mikononi mwa nani?

Wiki iliyopita nimepigiwa simu na mkurugenzi mwingine, akanipa maneno yaleyale: "Wakili, kampuni ni mtu mwingine kisheria. Deni lake halinihusu." Notisi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, yenye jina lake na TIN yake binafsi, yaani namba yake ya mlipakodi, ilikuwa imekaa kwenye droo wiki tano. Imani hii nimeisikia mara nyingi mno, na kila mara anayeibeba anakuja kwangu siku zikiwa zimebaki chache. Kwa hiyo leo naieleza yote, kwa sababu inawaponza watu ambao wangeweza kujitetea vizuri kabisa.

Ni kweli kampuni ni mtu mwingine. Lakini Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2014 ina kitu kinachoitwa mwakilishi wa mlipakodi. Kwa kampuni ambayo haijaingia kwenye ufilisi, mwakilishi ni mtendaji mkuu, mkurugenzi mtendaji, katibu wa kampuni, mhazini, au mkurugenzi anayeishi nchini. Huyo ndiye anayewajibika kupeleka ritani na kulipa kodi kwa niaba ya kampuni. Kwa kawaida URA inamdai kwa kiwango cha mapato au mali ya kampuni iliyo mikononi mwake au chini ya usimamizi wake, basi. Kinga hiyo inamtoka pale ambapo kodi bado haijalipwa, naye akatoa au akatumia fedha za kampuni ambazo kisheria zingeweza kulipa kodi hiyo. Hapo deni linahamia kwake binafsi.

Rudia kuisoma hiyo sentensi. Haiulizi kama ulikuwa na nia mbaya, wala haiulizi una hisa ngapi. Inauliza pesa ziliingia lini, nani alizitoa, na zilikwenda wapi. Ndiyo maana mteja akija kwangu na notisi, kitu cha kwanza ninachomwomba ni taarifa ya benki ya kampuni. Katiba ya kampuni itasubiri.

Kuna kosa la upande wa pili pia. Mara nyingine barua inasema tu kwamba "pazia la kampuni limeondolewa", yaani ile kinga inayomtenga mkurugenzi na madeni ya kampuni, na kwa hiyo mkurugenzi alipe. Sheria ya Makampuni ya 2012, kifungu cha 20, inaruhusu kuondoa pazia hilo kwa mambo kama ukwepaji kodi na udanganyifu, lakini mamlaka hayo imepewa Mahakama Kuu. Ofisa wa kodi hawezi kuyatumia kwa barua. Kama hicho ndicho msingi pekee wa notisi, kiseme waziwazi kwenye pingamizi lako, kwa sababu ni hoja nzito. Angalia tu kwamba namba za vifungu zilipangwa upya katika toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2024, kwa hiyo linganisha maneno ya kifungu, usitegemee namba peke yake.

Sasa chukua kesi ya kaka na dada wenye kampuni ya malori ya Malaba kwenda Kampala. Tarakimu nimezibadilisha, mambo yenyewe sijayagusa. Kodi ya ongezeko la thamani ya Februari 2023 ilikuwa shilingi milioni 84, na tarehe ya mwisho ya kulipa ni 15 ya mwezi unaofuata. Tarehe 15 Machi akaunti ilikuwa na milioni 4, na benki ikazikata yenyewe siku chache baadaye kwa marejesho ya mkopo wa malori. Tarehe 2 Aprili mteja mkubwa akalipa milioni 52. Ndani ya wiki hiyo kaka alijilipa milioni 30 kama marejesho ya mkopo alioikopesha kampuni, akalipa madereva milioni 15, na milioni 7 zikaenda kwenye dizeli. URA ikamwandikia kila mmoja wao kwamba anadaiwa milioni 84 zote.

Milioni 4 zilizokatwa na benki hazikutolewa na kaka, na hapo nina msimamo thabiti. Milioni 30 alizojilipa hazina utetezi. Kodi ilikuwa imeiva, pesa zilikuwepo, akajitanguliza yeye. Nilimwambia hivyo siku ya kwanza, na hakupenda kusikia. Mishahara na dizeli ndizo zinazoninyima usingizi. Kifungu hakimpi mtu kibali cha kulipa wafanyakazi kabla ya kodi. Mimi nadai kwamba bila madereva na mafuta kampuni isingeingiza hata hiyo pesa ya kulipia kodi, lakini nakubali kwamba maneno ya sheria yananibana. Shaka nyingine ni kubwa zaidi: je, ukitoa milioni 52 unadaiwa 52, au unadaiwa 84 zote? URA inasoma "kodi yote". Mimi nasoma kwamba pesa zilizopita mkononi zingeweza kulipa 52 tu, kwa hiyo mpaka wake ni hapo. Vitabu vinapita hapa haraka, nami siwezi kumwahidi mteja jibu.

Dada ana hoja tofauti kabisa. Aliacha ukurugenzi Novemba 2022 kwa barua, lakini mabadiliko hayakupelekwa URSB, ofisi inayosajili makampuni, kwa hiyo kwenye rejista jina lake lilibaki. Watu wengi hapo hukata tamaa. Sisi tulichukua barua yake, muhtasari wa kikao kilichoipokea, na barua ya benki inayoonyesha kwamba saini yake iliondolewa kwenye akaunti mwezi huohuo. Mtu ambaye hawezi kutoa hata shilingi moja hana fedha za kampuni chini ya usimamizi wake. Rejista ni ushahidi dhidi yake, lakini si ushahidi pekee. Laiti fomu ingepelekwa kwa wakati, tungemaliza jambo lake kwa ukurasa mmoja.

Kuhusu siku: una siku 45 tangu kupokea notisi kupeleka pingamizi la maandishi, lenye sababu na vielelezo. Notisi ya kaka ilikuwa imetumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa kwenye akaunti yake ya URA, na barua pepe hiyo ilikuwa ya mhasibu aliyekwisha kuacha kazi. Ilikaa humo siku 19. Angalia leo ni barua pepe ya nani iliyo kwenye TIN yako. Kamishna ana siku 90 za kuamua. Akikukatalia, una siku 30 kwenda Baraza la Rufaa za Kodi, na hapo jiandae na amana ya asilimia 30 ya kodi iliyokadiriwa, au ile sehemu isiyobishaniwa, yoyote iliyo kubwa zaidi. Riba ya asilimia 2 kwa mwezi haisimami wakati wote huo. Kama kodi yenyewe ya kampuni ilikadiriwa vibaya, lipinge hilo pia, maana deni la mwakilishi haliwezi kuzidi deni la kampuni.

Na usitie saini makubaliano ya kulipa kwa awamu kwa jina lako binafsi kabla ya kupinga. Kaka alikuwa tayari ameshika kalamu, akidhani ananunua muda. Karatasi ile ilianza na maneno "nakubali kwamba nadaiwa shilingi 84,000,000". Ningebaki na nini cha kumtetea baada ya hapo?

Pingamizi tulilipeleka siku ya 41. Dada ameondolewa kwenye deni. Kaka analipa zile milioni 30, na kuhusu mishahara na dizeli bado tunabishana.