Tarehe ya maandishi na tarehe halisi: jinsi ya kubadili ya kwanza kuwa ya pili

Seli mbili za Excel zinaweza kuonyesha 17/04/2024 bila tofauti yoyote machoni, na bado moja ikawa tarehe na nyingine isiwe. Ya kwanza imebeba namba 45399, na kile unachokiona ni namna tu ya kuionyesha namba hiyo. Ya pili imebeba tarakimu na mikwaju, alama kumi zilizofuatana, ambazo kwa kompyuta hazina uzito zaidi ya jina la mtu.

Namba 45399 ni hesabu ya siku. Excel huhesabu kuanzia 1 Januari 1900, siku hiyo ikiwa 1, na kila siku inayofuata huongeza moja. (Hesabu hiyo ina 29 Februari 1900, siku ambayo haikuwahi kuwepo. Kosa hilo lilirithiwa kwa makusudi kutoka programu ya zamani ya Lotus 1-2-3, na kwa tarehe za baadaye halikusumbui.) Kwa kuwa ni namba, unaweza kuipanga, kuilinganisha, au kutoa moja kwenye nyingine ukapata siku ngapi zimepita. Maandishi hayakupi hata kimoja kati ya hivyo.

Kubadili maandishi kuwa tarehe, basi, ni kazi ya kusoma: kuangalia alama na kuamua ipi ni siku, ipi ni mwezi, ipi ni mwaka. Anayesoma anahitaji kanuni, na ugumu wote umekaa hapo, kwa sababu mara nyingi kanuni haimo ndani ya maandishi yenyewe.

Tuchukue orodha fupi ya malipo. Namba za stakabadhi zinafuata mfululizo wa kutolewa, lakini tarehe zimeandikwa na watu tofauti, na zote zimeingia kama maandishi katika safu ya B, kuanzia B2:

```
101   28.3.24
102   03/04/2024
103   5 Aprili 2024
104   2024-04-09
105   17/04/2024
106   04/19/2024
107   05/04/2024
```

Ukiipanga kwa tarehe jinsi ilivyo, kompyuta italinganisha alama ya kwanza kwa ya kwanza, kisha ya pili, na kuendelea. Stakabadhi ya 102 itakuja juu kwa sababu inaanza na 03. Ya 101, ambayo ndiyo ya zamani kuliko zote, itakuwa ya pili kutoka mwisho, na 5 Aprili itafunga orodha kwa kuwa 5 ni kubwa kuliko 2. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea. Orodha itaonekana imepangwa, na kwa kigezo cha alama ni kweli imepangwa.

Wengi hapa hukimbilia Format Cells na kuchagua Date, halafu wanashangaa kwamba hakuna kilichobadilika. Mpangilio wa seli hugusa mwonekano wa namba, na hapa namba haipo. Dalili ya haraka ni upande: kama hakuna aliyegusa mpangilio, maandishi huegemea kushoto na tarehe halisi huegemea kulia. Kipimo cha uhakika zaidi ni `=ISNUMBER(B2)`, ambacho hujibu TRUE kwa tarehe halisi, kwa kuwa ni namba, na FALSE kwa maandishi. Kwa safu ndefu, linganisha `=COUNT(B:B)`, inayohesabu namba tu, na `=COUNTA(B:B)`, inayohesabu kila seli yenye kitu. Pengo kati ya majibu hayo, ukiondoa kichwa cha safu, ndiyo idadi ya maandishi yaliyobaki.

Sasa kusoma kwenyewe. Njia ninayoiamini ni kuzigawa tarehe katika makundi kwa sura zake, kisha kila kundi lipewe kanuni yake peke yake. Kanuni moja inayojaribu kumeza kila kitu huishia kubahatisha.

Kundi rahisi kabisa ni lile la mwaka kwanza, kama 2024-04-09. Huo ndio mtindo wa kiwango cha ISO 8601, na utaratibu wake ni mmoja: mwaka, mwezi, siku. Tena una faida ya pekee kwamba hata ukibaki maandishi unapangika sawasawa, mradi sifuri za mbele zipo.

Kundi la jina la mwezi halina utata wa kusoma, ila kompyuta iliyowekwa Kiingereza haimjui Aprili. Inajua April. Ukiipa `DATEVALUE`, inayogeuza maandishi kuwa tarehe, maandishi yenye neno Aprili katika mazingira hayo itarudisha `#VALUE!`. Tengeneza jedwali dogo la miezi kumi na miwili, kila jina na namba yake, kisha tafuta namba hiyo kwa `VLOOKUP`. Kosa la namna hii ni la heri, kwa kuwa linapiga kelele.

Ile 28.3.24 haina shaka kuhusu mwezi, maana 28 haiwezi kuwa mwezi. Swali lake ni mwaka wa tarakimu mbili. Python, kwa alama `%y`, husoma 00 hadi 68 kama miaka ya 2000 na 69 hadi 99 kama miaka ya 1900. Excel ina mpaka mwingine, unaotegemea pia jinsi Windows ilivyowekwa. Kwa malipo ya mwaka 24 haileti shida. Kwa safu ya tarehe za kuzaliwa yenye mwaka 45, programu moja inaweza kukupa mzee na nyingine mtoto ambaye hajazaliwa. Hapo usiache programu iamue: andika karne mwenyewe.

Kundi la mikwaju ndilo lenye mtego. Fomula ambayo watu wengi hutumia hukata vipande na kuvikabidhi kwa `DATE`, ikiamini siku iko mbele:

```
=DATE(RIGHT(B2,4),MID(B2,4,2),LEFT(B2,2))
```

Kwa 17/04/2024 inatoa jibu sahihi. Kwa 04/19/2024 mwezi unakuwa 19, na ungetegemea kosa. Halitokei. `DATE` huchukua mwezi wa 19, inavuka Desemba, na kuendelea kuhesabu miezi saba ndani ya mwaka unaofuata, kwa hiyo unapata 4 Julai 2025. Ni tarehe safi kabisa, inaegemea kulia, na `ISNUMBER` inasema TRUE.

Hii inakamatwa kwa kuirudisha tarehe kwenye maandishi na kuuliza kama inafanana na ilikotoka. Ikiwa jibu la fomula liko C2:

```
=TEXT(C2,"dd/mm/yyyy")=B2
```

Stakabadhi ya 106 itapata FALSE, kwa kuwa 04/07/2025 si 04/19/2024. Kipimo hiki kinakamata pia 31/02/2024, ambayo `DATE` ingeisogeza kimyakimya hadi 2 Machi.

Lakini tazama ya 107. Fomula inasoma 05/04/2024 kuwa 5 Aprili, ikirudishwa kwenye maandishi inafanana na asili yake, na kipimo kinasema TRUE. Hata hivyo stakabadhi hiyo ilitolewa baada ya ya 106, ambayo lazima iwe 19 Aprili, kwa hiyo haiwezi kuwa ya 5 Aprili. Aliyeandika 106 alitanguliza mwezi, na hii inayofuata inaelekea ni ya mkono huohuo: ni 4 Mei. Wakati huohuo 102, yenye sura ileile, iko kati ya 28 Machi na 5 Aprili, hivyo 3 Aprili inakaa na 4 Machi haikai. Sura moja, kanuni mbili. Hakuna fomula inayoweza kulitambua hilo kutoka kwenye seli peke yake. Kilichoamua ni mfululizo wa stakabadhi, yaani ushahidi ulio nje ya tarehe. Katika data nyingine ushahidi huo unaweza kuwa jina la aliyeingiza, tawi ilikotoka, au muda ambao faili lilihifadhiwa.

Zikishasomwa vizuri, tarehe zetu ni 45379, 45385, 45387, 45391, 45399, 45401 na 45416, na kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni siku 37.

Kuna hali mbaya zaidi ya hii, nayo hutokea kabla hujaanza kazi. Faili la CSV lenye tarehe za siku-mwezi likifunguliwa kwa kubofya mara mbili kwenye kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani, Excel husoma yenyewe bila kuuliza. Kila tarehe ambayo siku yake ni 12 au chini hugeuzwa kuwa tarehe halisi iliyopinduliwa, na zile za 13 na kuendelea hubaki maandishi. Mtu anaona nusu iko kulia na nusu kushoto, anadhani za kulia ziko salama, anarekebisha za kushoto tu. Za kulia ndizo zilizoharibika. Ukikuta safu ambayo tarehe zake halisi hazivuki siku ya 12 ya mwezi wowote, huku maandishi yote yakianza na 13 au zaidi, umeshajua kilichotokea.

Inawezekana kuzipindua tena kwa `=DATE(YEAR(B2),DAY(B2),MONTH(B2))`, lakini mimi singeanzia huko. Kama safu ilikuwa na 2024-04-09 miongoni mwake, hiyo ilisomwa vizuri tangu mwanzo, na fomula yako itaifanya 4 Septemba. Rudi kwenye faili la asili. Katika Google Sheets, wakati wa kuingiza faili, ondoa alama kwenye chaguo la kubadili maandishi kuwa namba na tarehe. Katika Excel, ingiza kupitia menyu ya Data na uitaje safu hiyo kuwa Text.

Kwa safu yenye maelfu ya mistari, pandas, maktaba ya Python, inarahisisha kazi ya makundi. Hapa `s` ni safu ya maandishi:

```python
import pandas as pd

a = pd.to_datetime(s, format="%Y-%m-%d", errors="coerce")
b = pd.to_datetime(s, format="%d/%m/%Y", errors="coerce")
tarehe = a.fillna(b)
```

Kila mstari unasoma sura moja tu, na kisichosomeka kinakuwa `NaT`, yaani tarehe tupu. Unaangalia vilivyobaki tupu, unaongeza kanuni ya kundi linalofuata. Chaguo la `dayfirst=True` linavutia kwa ufupi wake, ila halina msimamo: likikutana na 04/19/2024 linaweza kugeuza na kuisoma kwa mwezi kwanza, na hapo umepoteza dalili kwamba kuna mwandishi wa pili.

Zitabaki chache ambazo hakuna ushahidi wowote wa kuziamua. Hizo ziache tupu kwenye safu ya tarehe, na maandishi ya awali yabaki kwenye safu ya jirani bila kuguswa. Excel huweka seli tupu chini kabisa kila inapopanga, kwa hiyo zitakusanyika mahali pamoja, tayari kwa kumuuliza aliyeziandika.