Kumwita kiziwi bila kumtisha

"Si kumgusa kiziwi begani ni kumkosea heshima? Afadhali niongee kwa nguvu kidogo."

Hapana, kumgusa ni sawa kabisa, ndio njia ya kawaida. Kelele haisaidii, ukipaaza sauti mdomo wako unapinda na hata yule anayesoma midomo anapotea.

Sema anapiga chapa kwa saiba hapo River Road na amekupa mgongo. Usimshike ghafla kutoka nyuma, utamshtua. Zunguka kidogo akuone kwa pembe ya jicho, halafu mguse mara mbili polepole, begani ama juu ya kiwiko, basi. Kichwa na mgongo wacha, na usimshike mikono, hiyo ndiyo anaongea nayo, ni kama kumziba mtu mdomo.

Kama yuko mbali punga mkono chini chini upande anaotazama, si kuupeperusha kama unasimamisha matatu. Meza ya mbao unaweza kuigonga ahisi mtetemo, lakini sakafu ya simiti hata ukanyage namna gani hahisi kitu. Usiku zima taa uwashe, mara moja inatosha, ukirudia rudia atadhani kuna moto.

Akigeuka ngoja macho yakutane kwanza, hapo ndio unasalimia: kiganja wazi, vidole juu, unapunga kushoto kulia karibu na bega, uso umechangamka. Ukipunga na uso umenuna salamu inakuwa baridi, maana uso ndio sauti yako. Na taa ama dirisha lisiwe nyuma yako, atakuona kivuli tu.