Buti za shantie Lubumbashi: kofia ya chuma au ya kompoziti?

Muuzaji akitaka kukuuzia buti zenye kofia ya vidole ya kompoziti, yaani plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi, atakuambia ni nyepesi na hazichomi mguu. La kwanza ni kweli, ila kwa kiasi. La pili lina walakini. Lakini tutazame ulinzi kwanza, kwa sababu ndio unaolipia.

Fungua ulimi wa buti usome lebo. Ukikuta EN ISO 20345, kofia ya vidole imepimwa kwa pigo la jouli 200 na kwa mbano wa kilonewtoni 15, yaani mzigo wa karibu tani moja na nusu. Kipimo ni hichohicho, iwe chuma au kompoziti. Baada ya pigo, buti namba 42 lazima ibakize angalau milimita 14 za nafasi ndani ya kofia. Kuwa makini na namba ya mwisho: EN ISO 20347 ni kiatu cha kazi kisichodaiwa kofia ya vidole, na kwa nje vinafanana sana. Kama lebo imeandikwa "SAFETY" tu bila namba, rudisha buti rafuni.

Jouli 200 ni nini kwenye shantie? Chukua bloku ya simenti ya kilo 20. Ikimponyoka msaidizi wa masoni ikiwa mita moja juu ya mguu, hesabu ni 20 × 9.8 × 1, yaani jouli 196. Hapo kofia imefika ukingoni mwa kipimo chake. Bloku hiyohiyo ikidondoka kutoka kwenye jukwaa la mita mbili, nguvu inakuwa maradufu, na hakuna kofia kati ya hizi mbili iliyopimwa kwa hilo. Tena kofia inafunika vidole tu. Bloku ikitua kwenye mgongo wa mguu, kofia haikusaidii.

Tofauti ya kweli inaonekana baada ya pigo. Chuma hubonyea na kubaki hivyo: ukiingiza mkono unagusa kibonyo, na hakuna ubishi kwamba buti imekwisha kazi. Kompoziti inaweza kujirudi ikaonekana nzima huku ndani imepasuka au nyuzi zake zimeachana. Msaidizi ataendelea kuivaa, na pigo la pili litamkuta bila kinga. Kwa hiyo buti ya kompoziti iliyopigwa sawasawa hubadilishwa hata kama ngozi haina alama. Kwenye timu ambayo kila mtu ananunua buti kwa pesa zake, sharti hilo ni gumu kutimizwa, na ndiyo maana wanaobeba bloku na fero mimi huwapendekezea chuma. (Ile hadithi kwamba chuma kikibonyea kinakata vidole isikusumbue: mzigo wa kukunja chuma hicho ungeviponda kabisa vidole visivyo na kofia.)

Uzito: kofia ya kompoziti inakuondolea makumi ya gramu kwa kila mguu. Anayepanda ngazi kutwa, kama fundi umeme au msimamizi, atausikia unafuu huo jioni. Lakini kompoziti huwa nene kuliko chuma ili kufikia nguvu ileile, kwa hiyo pua ya buti inakuwa pana au nafasi ya vidole inapungua. Jaribu buti mchana, mguu ukiwa umevimba kidogo, ukiwa na soksi za kazi, kisha chuchumaa kama unayepanga vigae. Ukingo wa kofia ukikubana nyuma ya vidole pale dukani, kazini utakutoa malengelenge.

Joto la Oktoba je? Ni kweli chuma hupitisha joto haraka kuliko kompoziti, na baridi pia, kama asubuhi za Juni. Ila kofia imetenganishwa na ngozi yako kwa kitambaa cha ndani, na ni sehemu ndogo ya buti. Kinachopika mguu ni ngozi nyeusi juani, zege linalochoma kupitia soli, na jasho lisilo na pa kutokea. Buti yenye alama S3 kwenye lebo hustahimili maji, inafaa kuanzia mvua za Novemba. Kwenye kiangazi kikavu S1P inapumua zaidi. Kubadilisha aina hiyo, na kubadilisha soksi saa sita, kutakupoza kuliko kubadilisha kofia.

Usisahau soli. Buti nyingi za kompoziti zina bamba la kitambaa badala ya chuma dhidi ya misumari. Ni jepesi, linakunjika vizuri, lakini kwa miaka mingi lilipimwa kwa msumari mnene wa milimita 4.5, ilhali misumari mingi ya kofraje ni myembamba kuliko huo na hupenya kwa urahisi zaidi. Toleo la 2022 la EN ISO 20345 limeongeza alama PS, ambayo hutumia msumari wa milimita 3. Ukifanya kazi kwenye mbao za kofraje, tafuta PS, au P yenye bamba la chuma. PL peke yake ni ya bamba la kitambaa lililopimwa kwa msumari mnene.